Dola Zikifika Mombasa: Kuzipokea, Kuzibadilisha au Kuziweka

Mtu aliye Kenya na analipwa na mteja wa ng'ambo hufanya maamuzi mawili ambayo kwa kawaida huonekana kama moja. La kwanza ni namna ya kupokea fedha. La pili ni wakati wa kuzigeuza kuwa shilingi. Akaunti ya kawaida ya shilingi huyafunga pamoja: dola zinapoingia tu, benki huzibadilisha kwa bei yake ya siku hiyo, na mwenye akaunti huona shilingi peke yake. Akaunti ya dola huyatenganisha. Dola huingia zikiwa dola na hukaa hivyo mpaka mwenyewe atoe agizo. Manufaa yake mengi yanatokana na utengano huo. Wengi huifungua kwa sababu nyingine, yaani kungoja dola ipande, na hapo ndipo hasara zinapoanzia.

Sheria haimzuii mtu. Kenya iliondoa udhibiti wa fedha za kigeni mwaka 1995, na tangu wakati huo mkazi yeyote anaweza kufungua akaunti ya dola, yuro au pauni katika benki ya biashara, kwa stakabadhi zilezile za akaunti ya shilingi. Mifano inayofuata imetoka katika daftari la hesabu la mwandishi wa makala haya, mfasiri wa Mombasa ambaye wateja wake wengi wako Ulaya na Marekani, na katika yale yaliyowapata watu wa karibu naye.

Inafaa kuanza na njia yenyewe, kwa kuwa malalamiko mengi kuhusu bei ya dola kwa kweli ni malalamiko kuhusu njia. Mteja akituma dola 1,200 kupitia benki yake, hakuna dola inayosafiri hadi Mombasa. Benki ya hapa ina akaunti yake ya dola katika benki kubwa ya Marekani, mara nyingi mjini New York, na fedha za mteja huishia huko. Kinachofika Mombasa ni ujumbe wa mtandao wa SWIFT unaosema kwamba akaunti ya benki huko imeongezewa kiasi fulani, na kwamba kiasi hicho ni cha fulani bin fulani. Benki ya Mombasa nayo huandika kwenye vitabu vyake kwamba inaidai benki ya New York kiasi hicho na inadaiwa kiasi hichohicho na mteja wake. Hivyo salio la dola linaloonekana kwenye simu ni deni la benki ya hapa kwa mwenye akaunti. Jambo hili litarudi mbele, kwenye suala la noti.

Kati ya benki ya mtumaji na ya mpokeaji huwa kuna benki moja au mbili za katikati, na kila moja inaweza kukata ada. Nani anazilipa ada hizo hutegemea herufi tatu ambazo mtumaji huchagua kwenye fomu: OUR maana yake mtumaji analipa zote, SHA kila upande unabeba za kwake, BEN mpokeaji anabeba zote. Mtumaji asiposema chochote, kwa kawaida inakuwa SHA. Mfasiri alipouliza kwa nini malipo ya mteja mmoja hufika yamepungua, benki ilimchapishia nakala ya ujumbe wa MT103, na mistari iliyomhusu ilikuwa hii:

```
:32A:240916USD1182,00
:33B:USD1200,00
:71A:SHA
:71F:USD18,00
```

Usomaji wake si mgumu. Mstari wa 33B unaonyesha kiasi alichoagiza mtumaji, dola 1,200. Mstari wa 71F unaonyesha dola 18 zilizokatwa njiani. Mstari wa 32A una tarehe, yaani mwaka 2024, mwezi wa 9, siku ya 16, pamoja na kiasi kilichofika, dola 1,182. Benki ya Mombasa ikatoza dola 5 za kupokea, zikabaki 1,177. Mabishano ya muda mrefu na mteja, aliyeapa kwamba alituma zote, yaliisha kwa karatasi hiyo moja. Alikuwa ametuma zote. Tangu Novemba 2025 mabenki yamehamia muundo mpya wa ujumbe uitwao pacs.008, lakini vipengele ni vilevile: kiasi kilichoagizwa, kiasi kilichofika, ada zilizokatwa na aliyezibeba.

Karatasi hiyo ina kazi nyingine. Malipo yanapopotea, yaani mtumaji anaonyeshwa kuwa yamekamilika na mpokeaji haoni kitu, kumbukumbu ya kuulizia ni UETR, mfuatano wa alama 36 unaobaki uleule kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho. Benki yoyote iliyoko njiani inaweza kuutafuta. Mara nyingi fedha huwa hazijapotea, zimezuiwa. Mfasiri aliwahi kungoja malipo kwa sababu mteja aliandika jina la biashara ilhali akaunti ilikuwa na jina la kitambulisho. Benki iliziweka fedha kando na ikataka ankara pamoja na maelezo ya kazi iliyofanywa. Zilipowasilishwa, fedha ziliingia. Tangu hapo kila ankara yake hubeba jina kama lilivyo kwenye akaunti, herufi kwa herufi, namba ya akaunti ya dola, namba ya SWIFT ya benki, na maneno machache ya wazi kama "tafsiri ya nyaraka za afya".

Sasa bei. Septemba hiyo ya 2024 dola ilikuwa imetulia kwa shilingi 129 hivi katika kiwango kinachotangazwa na Benki Kuu ya Kenya. Bei hiyo ni wastani wa soko. Mteja wa kawaida hapewi. Benki hununua dola chini ya hapo na huziuza juu ya hapo, na tofauti hiyo ndiyo pato lake. Siku hiyo bei ya kununua iliyobandikwa ukutani ilikuwa 126.50. Dola 1,177 zingeleta shilingi 148,890 hivi. Kwa 129 zingekuwa shilingi 151,833. Kwa hiyo shilingi 2,940 na ushei zilikwenda katika bei, bila kuandikwa popote kama ada, na shilingi nyingine 2,970 au karibu na hapo zilikwenda katika zile dola 23 za njiani na za kupokea. Jumla ni karibu asilimia 4 ya malipo yote. Watu huziona ada na kuzilalamikia. Tofauti ya bei hawaioni, ingawa katika mfano huu ni kubwa sawa na ada.

Akaunti ya shilingi ikipokea dola hizo, mtu hukubali 126.50 bila kuulizwa, na hukubali hivyo kila mara, hata malipo yakiwa madogo. Hapa akaunti ya dola inapata kazi yake ya kwanza. Mfasiri aliacha malipo ya wateja watatu yakusanyike mpaka yakafika dola 3,500, kisha akapiga simu benki na kuomba aunganishwe na dawati la fedha za kigeni, si kaunta. Mazungumzo hayakuwa marefu.

"Una ngapi, mwalimu?"

"Elfu tatu na mia tano. Ukutani mmeandika mia ishirini na sita na nusu."

"Hiyo ni ya kaunta. Nitakupa mia ishirini na saba nukta nane, lakini uamue sasa hivi, bei haikai."

Tofauti ya shilingi 1.30 kwa dola, kwa dola 3,500, ni shilingi 4,550. Si kila benki itakubali, na kila moja ina kiwango chake cha chini inachoona kinastahili mazungumzo. Lakini swali halina gharama, na haliwezi kuulizwa kabisa na mtu ambaye dola zake zimeshageuzwa kabla hajajua zimefika. Mpokeaji wa malipo madogo ya kila mwezi ananufaika pia kwa upande wa njia: mteja akikubali kulipa ankara mbili kwa pamoja, zile dola 23 hukatwa mara moja badala ya mbili.

Kuna mtego unaofanana na huduma nzuri. Benki ya mtumaji humwambia mteja kwamba anaweza kutuma shilingi za Kenya moja kwa moja, "bila ada". Huko ubadilishaji hufanywa na benki ya ng'ambo, ambayo aghalabu haifanyi biashara kubwa ya shilingi na hujiwekea nafasi pana. Mpokeaji mwenye akaunti ya dola amweleze mteja atume dola. Mtego wa pili ni yuro zinazotumwa kwenye akaunti ya dola. Benki ya hapa hununua yuro kwa dola, na baadaye hununua dola hizo kwa shilingi. Ni mageuzi mawili, na kila moja lina tofauti yake ya bei. Mwenye mteja mmoja tu wa Ujerumani ni afadhali apokee yuro kwenye akaunti ya shilingi, zigeuzwe mara moja, kuliko kuzipitisha kwenye dola.

Suala la kuziweka ni tofauti, na linahitaji kuangaliwa kwa tarehe, kwa kuwa Kenya ilitoa somo lake waziwazi kati ya mwaka 2023 na 2024. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa shilingi 124 hivi. Mwaka mzima shilingi ilishuka, dola zikawa adimu, na kwa muda fulani bei iliyotangazwa na ile ambayo waagizaji wa bidhaa walilipa kweli zilikuwa mbali. Mwishoni mwa Januari 2024 dola ilifika shilingi 160. Hofu kubwa ilikuwa juu ya mkopo mmoja: Yurobondi ya dola bilioni 2 iliyotolewa mwaka 2014 na kuiva Juni 2024. Watu waliuliza kama serikali ingepata dola za kuilipa. Kila aliyekuwa na dola alizishika, na kuzishika huko kwenyewe kukazidi kuzipandisha.

Kisha ndani ya Februari mambo yakageuka. Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 13. Serikali ikauza Yurobondi mpya ya dola bilioni 1.5, ghali lakini ikauzika, ili kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani kabla haijaiva. Wiki hiyohiyo iliuza hati fungani ya miundombinu kwa riba ya zaidi ya asilimia 18, na wawekezaji wa nje wakaleta dola ili kuinunua. Hofu iliyokuwa imeishikilia bei ikaondoka, na walioshikilia dola wakaanza kuziuza kwa pamoja. Kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu shilingi 132.

Watu wawili aliowafahamu mfasiri walikuwa na akiba ya dola 6,000 kila mmoja Januari hiyo. Wa kwanza, mwenzake wa kazi, alikuwa anajenga nyumba Mtwapa na alihitaji mabati, mbao na malipo ya mafundi. Alingoja dola ifike 170. Kwa 160 angepata shilingi 960,000. Alipouza, kwa bei iliyokaribia 132, hesabu ilikuwa shilingi 792,000, kabla hata ya tofauti ya bei ya benki. Shilingi 168,000 zilikuwa zimetoweka, na bei ya mabati haikuwa imeshuka. Wa pili ni mama mmoja ambaye binti yake alikuwa akisoma nje, na karo ya muhula ilikuwa ya dola. Naye aliona bei ikianguka, lakini kwake hakuna kilichobadilika. Karo ilikuwa dola zilezile, na alikuwa nazo. Lau angezigeuza kuwa shilingi kwa furaha ya 160, angejipatia faida, lakini angeingia katika hatari ambayo hakuihitaji, ya kuzinunua upya kwa bei asiyoijua.

Dola ni zilezile. Kilichowatenganisha ni matumizi. Fedha zitakazotumika kwa shilingi zikiwekwa kwa dola, mwenyewe amecheza kamari ya bei, hata kama anaiita akiba. Fedha zitakazotumika kwa dola zikigeuzwa shilingi, amecheza kamari hiyohiyo kwa upande wa pili. Mfasiri alipoipitia orodha yake ya matumizi ya mwaka, alikuta sehemu ndogo tu ni ya dola: leseni za programu za kutafsiria, tovuti, na ada ya chama cha kitaaluma. Hizo ndizo zinazobaki kwenye akaunti ya dola. Kodi ya nyumba, chakula, karo ya hapa na matibabu ni shilingi, na dola za hayo hugeuzwa kila mwezi, bei iwe nzuri au mbaya. Mwaka ukiisha hupata wastani wa bei za mwaka, ambao si bora kuliko wa mbashiri aliyepatia, ila pia si mbaya kama wa aliyekosea.

Kuziweka kuna gharama nyingine isiyopiga kelele. Akaunti nyingi za dola za matumizi ya kawaida hazina riba, na baadhi hutozwa dola 2 au 3 kila mwezi. Shilingi nazo, katika kipindi hichohicho, zingeweza kuwekwa kwenye hati za hazina za siku 91, ambazo riba yake ilitoka takriban asilimia 9 mwanzoni mwa 2023 ikafika asilimia 16 hivi, kisha ikashuka tena kuelekea 10 mwishoni mwa 2024. Mtu aliyekuwa na dola 1,000 Januari 2023 na akalala nazo kwa miaka miwili, alizikuta dola 1,000 zilezile, zenye thamani ya shilingi 129,000 hivi badala ya 124,000. Aliyezigeuza siku ya kwanza na kununua hati za hazina mfululizo, hata tukikadiria wastani wa chini wa asilimia 12 na kuondoa kodi ya zuio ya asilimia 15 ya riba, angekuwa na shilingi 150,000. Ni kweli kwamba Januari 2024, katikati ya safari, mwenye dola alikuwa mbele sana. Lakini ili afaidike ilimbidi auze mwezi huohuo ambao kila mtu mjini alikuwa akisema zitapanda zaidi, na hilo ni jambo ambalo wachache mno waliliweza.

Tanzania inaonyesha jambo lilelile kwa haraka zaidi. Mwaka 2024 dola zilikuwa adimu na bei ikakaribia shilingi 2,700. Desemba ikashuka hadi karibu 2,400. Na mwezi Machi 2025 zikatoka kanuni zinazokataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Akaunti ya dola inaendelea kuruhusiwa, ila aliyekuwa akiitunza ili kulipia pango la Masaki kwa dola sasa analipa shilingi, na sehemu ya matumizi yake ya dola imehama upande. Hesabu ya nani aweke nini hubadilika sheria inapobadilika, wala si bei peke yake.

Kwa wale wenye matumizi halisi ya dola, kitu kinachosahaulika ni kadi. Akaunti ya dola isiyo na kadi yake huwalazimu kulipia huduma za mtandaoni kwa kadi ya shilingi. Hapo huuza dola zao kwa 126.50, kisha benki huwauzia dola kwa bei ya kuuza, tuseme 132, ili kumlipa mwenye huduma. Kwa matumizi ya dola 300 kwa mwaka hiyo ni hasara ya shilingi 1,650, ya kuzungusha dola mahali pamoja. Kadi iliyofungwa kwenye akaunti ya dola yenyewe huondoa mzunguko huo wote.

Noti nazo zina mambo yake. Kwa kuwa salio ni deni la benki na dola zenyewe ziko New York, kutoa dola za karatasi ni huduma nyingine, na aghalabu hutozwa kwa asilimia ya kiasi. Wakati wa uhaba, tawi linaweza kumwambia mteja arudi wiki ijayo, au achukue sehemu. Hata akizipata, maduka ya kubadilishia fedha hulipa bei ya chini kwa noti ndogo, na mengine huzikataa kabisa noti za matoleo ya zamani. Anayetoa noti benki ili akauze dukani kwa bei nzuri zaidi apige hesabu ya ada ya kutolea kwanza, kwa kuwa mara nyingi hiyo humeza ile faida yote.

Kodi, hatimaye, huhesabiwa kwa shilingi hata kama fedha hazijawahi kuwa shilingi. Dola zilizokaa kwenye akaunti ni mapato ya mwaka zilipopatikana, wala hazingoji kugeuzwa ndipo zihesabiwe. Kwa hiyo daftari la mwenye akaunti ya dola lina safu moja zaidi ya daftari la kawaida: mbele ya kila malipo, tarehe na bei ya Benki Kuu ya siku hiyo. Kuiandika siku fedha zinapoingia ni kazi ya dakika moja. Kuitafuta mwezi Juni, fomu ya kodi ikiwa wazi kwenye skrini, ni kazi ya mchana mzima.